Faili linachelewa kufika chumba cha pili: ni intaneti, au ni waya wa humu ndani?

Kila siku kipindi cha saa moja hurekodiwa katika studio yetu ndogo, kisha faili lake huhamishiwa kwenye kompyuta ya chumba cha kurushia matangazo. Kutoka chumba kimoja hadi kingine ni hatua kumi na mbili, tumezihesabu. Lakini kwa karibu miezi miwili faili hilo lilikuwa linachukua dakika kumi na saba kusafiri hizo hatua kumi na mbili. Siku nyingine ninyi wasikilizaji mlisikia muziki mrefu kuliko kawaida kabla ya kipindi kuanza. Sababu ilikuwa hiyo.

Kila mtu hapa kituoni alikuwa na jibu moja: "Kaka, net leo imekataa." Tukapiga simu kwa kampuni inayotuuzia intaneti, tukalalamika, tukapandishwa kifurushi kutoka megabiti 5 hadi megabiti 20 kwa sekunde. Bili ilipanda siku ileile. Faili liliendelea kuchukua dakika kumi na saba.

Tunaandika makala haya kwa sababu tumegundua kwamba kosa letu ni la wengi. Katika ofisi za vyama vya ushirika, mashuleni, kwenye vibanda vya kuchapa na kutoa nakala, watu hulipia intaneti kubwa zaidi ili kutibu ugonjwa ambao hauko kwenye intaneti. Kuna programu ndogo ya bure iitwayo iperf inayoweza kutenganisha mambo haya mawili kwa sekunde kumi tu, na hata simu yako inaweza kuiendesha.

Njia mbili zinazopita mlango mmoja

Ndani ya nyumba au ofisi yenye ruta kuna barabara mbili. Ya kwanza inaunganisha vifaa vya humohumo: kompyuta na kompyuta, simu na printa. Hii ndiyo tunaiita mtandao wa ndani. Ya pili inatoka kwenye ruta kwenda nje, kwa mnara au kwa waya wa kampuni, na hiyo ndiyo intaneti unayoilipia. Faili linalotoka studio kwenda chumba cha matangazo halitoki nje ya ukuta. Linapita kwenye waya, linafika kwenye swichi, yaani kile kisanduku chenye matundu ya waya kinachogawa mtandao, kisha linaingia kwenye waya wa pili. Kampuni ya intaneti hailioni kabisa.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: je, faili langu linatoka nje? Hapa WhatsApp huwachanganya wengi. Ukimtumia mwenzako video kwa WhatsApp, hata kama mmeketi mkeka mmoja na mnatumia waifai ileile, video inapanda kwenda kwenye kompyuta za WhatsApp huko nje, kisha inashuka tena kwake. Hapo kasi yako inategemea intaneti, na bando linaliwa mara mbili, lako la kupandisha na lake la kushusha. Ukituma kwa Quick Share kupitia waifai, au ukinakili kwenye folda ya pamoja ya kompyuta, faili linabaki ndani.

Kuna jaribio la kijinga ambalo tungelifanya siku ya kwanza tungeokoa fedha. Chomoa kwenye ruta ule waya mmoja unaoleta intaneti, au kama ruta yako inatumia laini ya simu, zima data yake. Usizime ruta yenyewe. Kisha nakili faili lako kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Sisi tulipochomoa, intaneti ilikufa kabisa, na faili likaendelea kutambaa kwa mwendo uleule. Chumba kizima kilinyamaza. Dada yetu mmoja wa utangazaji ndiye aliyesema, "Kumbe tulikuwa tunamsingizia mtu."

Kwa nini tulidanganyika

Kabla ya kuendelea, ni haki tujitetee kidogo. Kompyuta ya studio haikuwa nzito kwenye faili hili pekee. Kurasa za habari pia zilifunguka kwa taabu pale. Ndiyo maana kila aliyekaa kwenye kiti kile aliapa kwamba intaneti ni mbovu.

Lakini fikiria njia yenyewe. Ukurasa wa habari unaotoka nje hufika kwenye ruta, kisha lazima upite kwenye waya uleule wa ndani ili kuifikia kompyuta. Waya wa ndani ukiwa mgonjwa, unachelewesha vyote viwili, faili la jirani na ukurasa wa ng'ambo. Kinyume chake si kweli: intaneti ikiwa mbovu, faili la ndani halijali. Ukiona intaneti nzito kwenye kompyuta moja tu huku jirani yake anashusha mafaili bila shida, anza kumshuku huyo mmoja na waya wake.

Na dalili hiyo tulikuwa nayo. Kompyuta ya chumba cha matangazo ilikuwa inashusha faili kutoka nje kwa megabaiti 2 kila sekunde, wakati faili kutoka studio liliingia kwa pungufu ya megabaiti 1. Kitu cha ng'ambo kilifika haraka kuliko cha hatua kumi na mbili. Hatukulitilia maanani.

iperf inafanya nini

Unaponakili faili, mambo matatu hufanyika kwa pamoja: diski ya kwanza inasomwa, mtandao unabeba, diski ya pili inaandikwa. Likichelewa, hujui nani amechelewesha. iperf inaondoa diski zote mbili. Inatengeneza data isiyo na maana yoyote ndani ya kumbukumbu ya kompyuta moja, inaisukuma kwenye mtandao kwa nguvu zote kwa sekunde kumi, na upande wa pili unaipokea na kuitupa. Kinachobaki ni kasi ya njia yenyewe.

Inahitaji vifaa viwili, mmoja wa kusikiliza na mwingine wa kutuma. Vyote viwili viwe na toleo la familia moja. Iperf3 haizungumzi na iperf ya zamani. Kwenye Linux ya aina ya Ubuntu unaipata hivi:

```
sudo apt install iperf3
```

Kwa Windows unashusha faili la zip, unalifungua, kisha unaendesha iperf3.exe kutoka kwenye dirisha jeusi la amri ukiwa ndani ya folda hiyo. Kushusha ni mara moja tu. Baada ya hapo, jaribio la ndani haligusi bando lako hata kidogo, kwa kuwa hakuna kinachotoka nje.

Tulisubiri usiku, matangazo yakishafungwa. Hili tunalisisitiza: iperf hujaza njia yote, na ukiiendesha wakati wenzako wanafanya kazi, utawakwamisha wao na vipimo vyako vitakuwa vya uongo. Kwenye kompyuta ya matangazo tuliandika:

```
iperf3 -s
```

Hapo inakaa kimya ikisikiliza. Tukatafuta anwani ya kompyuta hiyo kwa amri ya `ipconfig`, tukapata 192.168.1.20. Kisha tukaenda kwenye kompyuta ya studio, ambayo inatumia Linux, tukaandika:

```
iperf3 -c 192.168.1.20
```

Mara ya kwanza haikuunganika. Ilikaa, kisha ikalalamika kwamba muda umekwisha. Si waya uliotugomea hapo, ni Windows Firewall kwenye kompyuta inayosikiliza. Ukiendesha iperf kwa mara ya kwanza, Windows huuliza kama uiruhusu, na kijana wetu alikuwa amefunga kile kidirisha bila kukisoma. Tuliiruhusu, tukarudia. Sekunde kumi baadaye mstari wa mwisho ulisomeka hivi:

```
Interval        Transfer     Bitrate         Retr
0.00-10.00 sec  6.08 MBytes  5.10 Mbits/sec  412   sender
```

Namba ya kuangalia kwanza ni ile ya Bitrate: megabiti 5.10 kwa sekunde. Swichi yetu ni ya zamani, ya megabiti 100. Kwenye swichi kama hiyo waya mzima hutoa kama 94, kwa sababu sehemu ndogo huliwa na maandishi ya anwani yanayobandikwa kwenye kila pakiti. Sisi tulipata 5. Namba ya pili ni Retr, ambayo Linux huionyesha inapokuwa ndiyo inayotuma, lakini Windows kwa kawaida haiionyeshi. Ni idadi ya pakiti zilizopotea njiani zikalazimika kutumwa upya. Mia nne na kumi na mbili ndani ya sekunde kumi, kwenye waya wa ndani ya jengo moja, ni ishara ya waya unaovuja. Kompyuta inayotuma ikiona pakiti zinapotea, hudhani njia imejaa, inapunguza mwendo yenyewe, na ndiyo maana upotevu mdogo unaleta uzito mkubwa.

Tukapima pia kwa kurudi, kwa kuongeza herufi moja mwishoni:

```
iperf3 -c 192.168.1.20 -R
```

Hapo kompyuta ya matangazo ndiyo inayotuma na studio inapokea. Tulipata kama megabiti 8. Inafaa kupima pande zote mbili kila mara, kwa kuwa ndani ya waya jozi moja ya nyaya hupeleka na nyingine huleta, na inawezekana iumie moja tu.

Hesabu ikakubaliana na saa

Usichanganye megabiti na megabaiti. iperf na makampuni ya intaneti huhesabu kwa megabiti, wakati ukubwa wa mafaili huandikwa kwa megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti nane. Kwa hiyo chukua namba ya iperf, igawe kwa nane, utapata megabaiti ngapi zinapita kila sekunde.

Kipindi chetu cha saa moja, kikiwa faili la wav la ubora wa sidii, kina kama megabaiti 635. Megabiti 5.1 ukigawa kwa nane ni kama megabaiti 0.64 kwa sekunde. Ukigawa 635 kwa 0.64 unapata sekunde 992 hivi, yaani dakika kumi na sita na nusu. Zile dakika kumi na saba zetu zilikuwa hapo zote, hakuna iliyobaki ya kumdai mtu mwingine. Kama iperf ingetupa 94, faili lilipaswa kufika kwa sekunde 54.

Hesabu hii ndiyo inayofunga kesi. Kipimo kikikubaliana na muda halisi, mtandao ndio mkosaji. Kisipokubaliana, mtafute mwingine.

Kumtafuta mgonjwa kipande kwa kipande

Kati ya kompyuta mbili kulikuwa na waya wa studio, swichi, na waya wa chumba cha matangazo. Kijana wetu alileta laptopu yake na waya mfupi mpya, akauchomeka moja kwa moja kwenye swichi. Laptopu kwenda kompyuta ya matangazo: megabiti 94.1. Basi waya wa chumba cha matangazo ni mzima, na swichi inafanya kazi. Laptopu kwenda kompyuta ya studio: megabiti 5 tena. Upande wa studio ndio mbaya.

Walibaki washukiwa watatu: tundu la swichi, waya wenyewe, au mlango wa mtandao wa kompyuta ya studio. Tulihamisha waya wa studio kwenye tundu lingine la swichi. Hakuna kilichobadilika. Kisha tukaibeba kompyuta ya studio mikononi, tukaiweka sakafuni karibu na swichi, tukaiunganisha kwa ule waya mfupi. Megabiti 94. Akabaki mmoja.

Waya huo unapita juu ya dari. Tulipanda na tochi. Panya alikuwa ameguguna ganda lake karibu na boriti, na nyaya mbili ndogo zilikuwa wazi, moja imebaki kama uzi. Jambo la kukumbuka ni kwamba taa ya kijani kwenye swichi ilikuwa inawaka muda wote huo. Taa inasema tu kwamba pande mbili zimetambuana. Haisemi kama wanasikilizana vizuri, na ndiyo maana kila aliyekuja kuangalia alisema waya ni mzima.

Tulivuta waya mpya ndani ya bomba la plastiki. Kipimo kikaja 94.1, Retr ikawa sifuri, na kipindi sasa kinahama kwa takribani dakika moja. Kurasa za habari kwenye kompyuta ya studio nazo zikaamka.

Kama una swichi ya kisasa ya gigabiti, usiridhike na 94. Hapo unapaswa kuona kama 940. Ukipata 94 kamili kwenye vifaa vya gigabiti, mara nyingi ndani ya waya ni jozi mbili tu zinazofanya kazi kati ya nne, na vifaa vimekubaliana kushuka hadi mwendo wa zamani.

Kwa simu na waifai

Wengi wenu hamna waya wala swichi, mna ruta ndogo ya waifai na simu. Jaribio ni lilelile. Weka Termux kwenye simu ya Android, kisha andika:

```
pkg install iperf3
```

Kompyuta ya ofisi isikilize kwa `iperf3 -s`, na simu itume kama tulivyofanya sisi. Hata simu mbili zinatosha: moja ifungue hotispoti na isikilize, nyingine iunganike nayo. Anwani ya simu yenye hotispoti utaiona kwenye simu ya pili, ndani ya maelezo ya ile waifai, palipoandikwa Gateway.

Waifai haina namba moja ya kutarajia kama waya. Kwa ruta ya kawaida ya 2.4 GHz, simu ikiwa chumba kimoja na ruta, megabiti 20 hadi 50 ni hali ya kawaida. Kwa hiyo pima kwanza ukiwa hatua tatu kutoka kwenye ruta, kisha pima pale unapokaa. Ukipata 40 karibu na ruta na 3 kwenye meza yako, ukuta na umbali ndio wanaokula kasi, na kununua kifurushi kikubwa hakutasogeza ruta. Kumbuka pia kwamba vifaa viwili vyote vikiwa kwenye waifai ya ruta moja, kila pakiti hupita hewani mara mbili, kwanza kwenda kwenye ruta, kisha kwenda kwa mwenzake, hivyo kasi inakaribia kuwa nusu. Ukiweza, kompyuta inayosikiliza iunganishe kwa waya.

Vifaa vikikataa kabisa kuonana ingawa vyote vina intaneti, angalia kama umeingia kwenye waifai ya wageni. Ruta nyingi huwazuia wageni wasionane wao kwa wao, na iperf itagonga mlango uliofungwa makusudi.

Na tahadhari moja ya mfukoni. Kuna kompyuta za iperf huko nje zilizo wazi kwa umma. Ukiipima ile badala ya ya ndani, unakula bando: kwa kasi ya megabiti 30, sekunde kumi ni megabaiti 37 na zaidi. Anwani inayoanza na 192.168 ni ya humo ndani.

Kipimo kikiwa kizuri na faili bado ni zito

Wiki mbili baada ya kumaliza suala la panya, mwenzetu alilalamika tena. Faili la kipindi limechukua dakika tano. Tukaendesha iperf, ikatoa 94. Safari hii mtandao ulikuwa na ushahidi wa kujitetea.

Tulipomuuliza anahifadhi wapi, alionyesha flashi ndogo aliyokuwa ameichomeka kwenye kompyuta ya matangazo. Alikuwa ananakili moja kwa moja kutoka studio kwenda kwenye flashi hiyo, na flashi ile ya zamani inaandika kama megabaiti 2 tu kwa sekunde. Megabaiti 635 kwa mwendo huo ni dakika tano na sekunde chache. Alinakili kwanza kwenye diski ya kompyuta, likaingia kwa dakika moja, kisha akaiacha flashi iendelee na mwendo wake wakati kipindi kikiwa tayari hewani.